Tuje Pamoja, au Kila Mtu Aulize Lake? Maswali ya Wachumba na Wanandoa

Wanaokuja kwangu Maweni, hapa Malindi, wawili wawili kutazamiwa karata za taroti huniuliza yale yale kabla hata hawajavua viatu. Nimeyaandika hapa ili uyasome na mwenzio kabla hamjapanda tuktuk.

Mama, tunaoana kabla ya Ramadhani. Tuje pamoja au kila mmoja aje kivyake?

Kwanza niambie swali ni la nani. "Tupange chumba Kisumu Ndogo au tukae kwa wakwe?" ni swali lenu nyote, njooni pamoja. "Mbona bado namuwaza yule wa kwanza?" ni lako peke yako, na mwenzio hana haja ya kulisikia likitoka kwenye karata. Wengi huja wawili na swali la mmoja: mwanamke amemleta mwanamume kama mzazi anavyompeleka mtoto mtukutu kwa mwalimu mkuu, anangoja tu nimkaripie. Kazi hiyo siifanyi.

Kwa hiyo mkifika nawapa kila mtu kikaratasi. Andika swali lako, usimuonyeshe mwenzio. Yakifanana, tunakaa pamoja. Yakiachana mbali, mmoja anakwenda barazani kunywa kahawa nami naanza na mwingine, kisha tunabadilishana, na mwisho, kama mnataka, tunakutana sote watatu kwa swali moja mlilokubaliana.

Lakini si ndiyo mapenzi, kukaa pamoja tangu mwanzo bila kufichana?

Mbele ya mwenzio utauliza swali la adabu. "Tutafanikiwa?" "Tutabarikiwa watoto?" Ukiwa peke yako ndipo unauliza lililokuleta: deni ambalo hajui, au dada yake anayeingilia kila kitu. Sidhani kuwa huko ni kufichana. Mtu anahitaji kulisikia swali lake mwenyewe kabla hajampa mwingine alisikie.

Tukikaa pamoja, nani achange na nani akate?

Mmoja achange, mwingine akate. Msigombanie, wala haina maana ya siri. Jozi ninayoitumia ina karata 78: 22 kubwa, zenye picha kama Jua, Mwezi, Mnara na Wapenzi, na 56 za vikombe, fimbo, panga na sarafu. Kwa wawili naweka saba. Tatu upande wa mke, tatu upande wa mume, moja katikati ni ya nyumba. Sharti langu ni moja: kila mtu anaanza kusema anachokiona kwenye karata zake, mwenzie amenyamaza. Akimaliza, ndipo mwenzie aseme. Mimi nasema wa mwisho.

Na kama tunaitazama karata moja, kila mtu anaona lake?

Hapo ndipo penye faida ya kuja pamoja. Walikuja mtu na mkewe. Mume anaendesha boti ya watalii, mke anakaanga viazi karai jioni. Swali walilokubaliana: mume aende Doha kwa kazi ya miaka miwili au abaki? Karata ya katikati ikatoka Panga Sita. Jozi yangu ni ya michoro ya Pamela Colman Smith, ile iliyotoka kwa mara ya kwanza London mwaka 1909, na humo Panga Sita ni mtu anasukuma mashua kwa upondo. Mbele yake wamekaa mwanamke aliyejitanda na mtoto, wametupa mgongo, na panga sita zimesimama mashuani.

Mume akacheka. "Mashua! Mimi huyu, na maji mbele yametulia." Mke akaweka kidole kwenye zile panga. "Zimetoboa sakafu. Ukizing'oa maji yataingia, usipozing'oa unasafiri nazo. Na huyu mama mbona haonyeshi uso?"

Sikuwa na la kuongeza. Kwa mume, safari ilikuwa kazi yake aijuayo. Mke alikuwa anafikiria mikopo ambayo ingebaki mlangoni kwake na mtoto. Wangekuja mbalimbali, kila mmoja angeondoka na nusu ya picha na kuamini kuwa ameipata yote. Walikaa pale wakihesabu madeni mpaka adhana ya magharibi.

Tukiuliza mbalimbali na majibu yakagongana, tumwamini nani?

Msiyalinganishe kama karatasi za mtihani. Zile karata zimechangwa upya, na mmeuliza maswali mawili. Yeye kauliza "nifanye nini," wewe umeuliza "kwa nini ananyamaza." Wekeni maswali mezani kwanza, mengi huishia hapo. Na msirudie kuchanga mpaka itoke mnayoitaka. Anayerudia mara tatu kwa usiku mmoja amekwisha kuamua, anatafuta shahidi tu.

Mume wangu hataki kusikia habari hizi. Naweza kumtazamia bila yeye kujua?

Hapana, mwanangu. Karata hazitakuambia yuko wapi Jumamosi usiku wala nani anampigia simu, na anayekuambia zinasema anakula pesa zako. Uliza la kwako: nini kinaniumiza, nimwambie nini, nikae au niende. Njoo peke yako kwa hilo, na ukirudi nyumbani usimpige mwenzio kwa karata: "Hata karata zimesema wewe ni muongo." Hazijasema.

Tulitoa karata ya Kifo siku tatu kabla ya harusi!

Oaneni. Ni kufunga jambo moja na kufungua jingine, na harusi ni hivyo hivyo.

Hizi si uchawi wa Wataliano wa huku Malindi?

Taroti zilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, ila zilikuwa mchezo wa kushindania, kama sisi na karata zetu za barazani. Mambo ya kutazamia kwazo yalivuma Ufaransa kwenye miaka ya 1780. Kuhusu dini, sikufichi: hadithi ya swala ya siku 40 kutokubaliwa kwa anayemwendea mpiga ramli naijua kama unavyoijua. Mimi sidai kujua ghaibu. Naweka picha, nyinyi mnazungumza. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake kwanza, na akisema usije, usije. Hasa kama mmoja wenu anaona ni dhambi, msimburute.

Tunazo karata za kawaida tu. Tunaweza kujaribu nyumbani?

Mnaweza. Kopa husimama mahali pa vikombe, uru mahali pa sarafu, pau mahali pa fimbo, shupaza mahali pa panga. Mtakuwa na 52, bila zile 22 kubwa na bila zile karata nne za wapanda farasi. Kwa swali la wawili zinatosha: mbili kwa kila mtu, moja katikati. Zimeni televisheni.

Mume yuko Saudia. Tukae pamoja kwa simu?

Kwa video sawa, mradi awe peke yake, si chumba cha watu wanane. Yeye aseme "simama" ninapochanga, hapo amekata. Mtandao ukikatika katikati tunaacha, tunaanza siku nyingine.

Ada je?

Mmoja shilingi 500, wawili 800. Wawili wakiuliza mbalimbali kisha pamoja ni 1,200, maana mchana wote umekwenda. Ijumaa sipokei watu. Wala siuzi dawa, kombe wala hirizi. Ukiambiwa uongeze pesa ili mume atulie, hapo si kwangu, umekosea nyumba.