Haipo na haipa: noti za tezi ya thairoidi kwa mtihani wa endokrini

Wenzangu wa kundi la Kigoma, mwaka jana nilipoteza alama hapa kwa kuchanganya majina tu. Sasa nashika hivi: haipothairoidizimu, homoni haipo ya kutosha, haipathairoidizimu, homoni inapaa. Kiswahili kimetusaidia bure.

Picha niliyobaki nayo ni ya benchi la kliniki, saa nane mchana, jua la ziwani linawaka. Mama mmoja kavaa sweta na kujifunga kitenge juu yake. Uso umevimba hasa kuzunguka macho, sauti nzito, anajibu polepole. Anasema amenenepa ingawa hali sana, choo kigumu, hedhi nzito. Mapigo 52. Pembeni yake binti anajipepea kwa kadi ya kliniki, jasho linamtoka, vidole vinatetemeka, macho yametokeza. Anakula ugali na migebuka kuliko kaka zake na bado anakonda. Anaharisha, halali, hedhi inaruka. Mapigo 124, tena hayana mpangilio. Hapo fikiria atiriali fibrileshoni.

Rovu halitofautishi. Linaweza kuwepo kwa wote wawili, na watahiniwa wengi hunaswa hapo.

Maabara: kwa haipo ya tezi yenyewe, TSH iko juu na T4 huru iko chini. Kwa haipa, TSH iko chini, T4 au T3 juu. Pituitari hupiga kelele tezi inapozembea, hunyamaza inapozidisha.

Visababishi kwa haraka. Haipo: ugonjwa wa Hashimoto, upungufu wa iodini (ndiyo maana tunauliza chumvi ya nyumbani ina madini joto au ni ya kupimiwa sokoni), upasuaji wa tezi, amiodaroni, lithiamu. Haipa: ugonjwa wa Gravesi kwanza, kisha vinundu vya tezi.

Dawa ya haipo ni levothairoksini, kwa kawaida ya maisha yote. Mtu mzima mwenye moyo mzima huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kilo kwa siku. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo aanze na mikrogramu 12.5 hadi 25 kwa siku, jumla si kwa kilo, kwa sababu ukiukurupusha moyo uliozoea mwendo wa pole, utapata maumivu ya kifua. Anywe asubuhi kwa maji, tumbo tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vikae mbali kwa saa 4. Mjamzito anayetumia levothairoksini kwa kawaida huhitaji dozi kubwa zaidi, na hapo hapo tunampa vidonge vya kuongeza damu: mfundishe kutenganisha. TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8. Mapema zaidi unapima kivuli.

Haipa: kabimazoli miligramu 15 hadi 40 kwa siku, kisha hupunguzwa, mara nyingi miezi 12 hadi 18. Swali wanalolipenda ni koo kuuma na homa. Jibu: simamisha dawa, pima chembe nyeupe siku hiyo hiyo. Kigoma homa yoyote huitwa malaria, kwa hiyo mwambie mgonjwa ataje kabimazoli kila anapokwenda kupimwa. Propilithiourasili hupendelewa miezi 3 ya kwanza ya mimba, lakini angalia ini. Propranololi hutuliza mapigo na mtetemo tu, haiponyi tezi. Usimpe mwenye pumu. Iodini ya mionzi ni mwiko kwa mjamzito na anayenyonyesha.

Uuguzi wa haipo: blanketi, si chupa ya maji ya moto, maana mishipa ikitanuka ghafla presha huanguka. Nyuzinyuzi na maji kwa choo, mafuta kwa ngozi, dawa za usingizi kwa tahadhari kubwa. Akipoa, akasinzia na kupumua kidogo, ni koma ya miksidima: njia ya hewa, haidrokotisoni, kisha levothairoksini ya mshipa.

Uuguzi wa haipa: chumba tulivu chenye hewa, chakula cha nguvu, uzito kila siku, hakuna kahawa. Macho yapate matone ya kulainisha, kichwa kiinuliwe akilala. Joto likipanda sana, mapigo yakakimbia na akachanganyikiwa, ni dhoruba ya thairoidi: propranololi, propilithiourasili, iodini angalau saa 1 baadaye, haidrokotisoni. Homa ishushwe kwa parasetamoli, si aspirini, ambayo huachilia homoni zaidi kwenye damu.

Baada ya upasuaji, pitisha mkono nyuma ya shingo: damu huteremkia huko huku bandeji ya mbele ikiwa safi. Seti ya trakeostomi iwe kando ya kitanda. Akisema midomo inamchonyota au vidole vimekakamaa, kalsiamu imeshuka. Mwite daktari na uandae kalsiamu glukoneti ya mshipa.

Jumamosi tuulizane. Mimi naanza: mama wa sweta ameongezewa dozi, wiki ya 3 anarudi na mapigo 118 na kifua kinambana. Muuguzi afanye nini kwanza?