Kurasa Mbili

Saa kumi na nusu alasiri, watu wakiwa wameshaanza kufunga madirisha, Kaimu Mweka Hazina aliingia masijala ameikumbatia ripoti kwa mikono miwili. Akaitua mezani kwa Rehema.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi Mkurugenzi anakwenda Dodoma. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa imemwita akajibu hoja za ukaguzi. Anataka muhtasari, kurasa mbili tu, ausome njiani."

"Mzee, hiyo si kazi ya wahasibu?"

"Wahasibu wote wako vijijini kukagua mashine za mapato. Wewe unachapa haraka. Chukua yale maelezo ya mwanzo, yapunguze, basi. Viambatisho achana navyo, ni majedwali matupu."

Ripoti ilikuwa na kurasa 312. Rehema alikuwa bado hajathibitishwa kazini, na barua ya kuthibitishwa ingepita mikononi mwa watu kama huyu. Akasema sawa, mzee.

Maelezo ya mwanzo aliyamaliza kabla ya magharibi, na hayakumsaidia kitu. Yalisema udhibiti wa ndani "unahitaji kuimarishwa", maneno ambayo mbunge akiyasikia anauliza papo hapo: wapi, kiasi gani, nani? Akaamua kuanza ukurasa wa kwanza. Kila hoja ilikuwa na mwendo uleule: hoja yenyewe, athari zake, ushauri wa mkaguzi, kisha majibu ya menejimenti. Majibu ndiyo yaliyomchosha. "Menejimenti inaendelea kulifuatilia suala hili." Ukurasa wa 41, menejimenti inafuatilia. Ukurasa wa 66, inafuatilia. Penye fedha mbichi, yaani makusanyo yaliyotumika kabla ya kufika benki, bado inafuatilia.

Saa tatu usiku umeme ukakatika. Mlinzi akachungulia dirishani na tochi.

"Si TANESCO, mwanangu. Ni LUKU imeisha. Hapa ikiisha usiku tunangoja bosi aje asubuhi."

Rehema akanunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu yake, mlinzi akamshikia tochi huku akibonyeza zile tarakimu ishirini moja moja. Alikosea, akarudia. Taa zilipowaka mzee alicheka, akaenda kumletea chai ya rangi kwenye kikombe cha bati.

Alichora safu tatu kwenye karatasi: hoja, kiasi, ushahidi upo ukurasa gani. Hoja isiyo na kiasi wala ukurasa aliiruka, na hapo ndipo kurasa 200 na ushei zilipoanza kupungua. Mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: vikundi vilivyoacha kurejesha. Zahanati iliyolipiwa mabati, ikasimama bila mabati. Kisha masurufu yasiyorejeshwa, yaani fedha ambazo watumishi walipewa kwa shughuli za kazi na hawakuzitolea hesabu: shilingi 47,350,000. Pale hapakuwa na jina la mtu, paliandikwa tu "rejea Kiambatisho Na. 9".

Akarejea. Ukurasa wa 287. Jedwali dogo, maandishi ya kuumiza macho: jina, cheo, tarehe, kiasi. Watumishi kumi na wanne. Wengi walidaiwa laki tatu, laki nne, posho za semina. Mstari wa sita ulikuwa na shilingi 31,800,000 peke yake, na cheo kilichoandikwa hapo ni Kaimu Mweka Hazina.

Rehema alikunywa chai yote, ikiwa imeshapoa. Angeweza kuandika jumla akaishia hapo, na muhtasari usingekuwa wa uongo. Lakini akamfikiria Mkurugenzi amesimama mbele ya wabunge, anaulizwa ni nani hao, anapekua. Akachapa: "3. Masurufu: Sh 47,350,000. Sh 31,800,000 kati ya hizo ni za mtumishi mmoja wa Idara ya Fedha (uk. 287, mstari wa 6)." Jina hakuandika.

Saa kumi na mbili kasorobo gari lilikuwa linanguruma uani. Mkurugenzi alisoma kurasa zote mbili akiwa mlangoni mwa gari, mkoba begani. Kaimu Mweka Hazina alisimama kando, tabasamu tele.

"Nani kaandika hii?"

"Ni mimi, Mkurugenzi."

"Nipe ripoti." Akafungua palepale, akashusha kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kikasimama. Akainua macho.

"Bwana Hazina, umebeba nguo za kubadili?"

"Mimi? Mimi sisafiri, Mkurugenzi."

"Dereva, tutapita kwake achukue shati. Hoja namba tatu atakwenda kuijibu mwenyewe."

Jumatatu yake Rehema alijaza fomu ya kurejeshewa shilingi 5,000 za LUKU. Mhasibu aliipokea, akaisoma, akamrudishia.

"Inataka saini ya Mweka Hazina, dada. Na sasa hivi hatuna."