Fomu ya Kumjua Mteja na Tamko la Chanzo cha Fedha: Tafsiri ya Kiswahili

Mwombaji: Rehema Juma Salehe. Akaunti: ya mwanafunzi, yenye ukomo wa kutoa fedha kila mwezi, Ujerumani.

Dokezo la mfasiri. Fomu asilia ni ya Kijerumani na Kiingereza, na ndiyo itakayotumika endapo patatokea mgongano wa maana. Tafsiri hii imefanywa kwa sababu Mzee Juma Salehe, anayechangia sehemu kubwa ya fedha, anasoma Kiswahili tu, naye amesema hatii saini kitu asichokielewa. Majibu ya mwombaji yameingizwa kama alivyoyaandika. Maneno yaliyo kwenye mabano ya mraba ni yangu.

SEHEMU YA 1: UTAMBULISHO

Jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti: Rehema Juma Salehe
Tarehe ya kuzaliwa: 14 Machi 1998
Uraia: Mtanzania. Hana uraia wa nchi nyingine.
Nambari ya pasipoti na tarehe ya kwisha: tazama nakala iliyothibitishwa, Kiambatisho A
Anwani ya makazi: Morogoro, Tanzania, uthibitisho ni barua ya serikali ya mtaa, Kiambatisho B
Kazi ya sasa: mfamasia, mwajiriwa wa hospitali binafsi tangu Julai 2022
Madhumuni ya akaunti: kugharamia maisha wakati wa masomo ya shahada ya uzamili

SEHEMU YA 2: UNAFUNGUA AKAUNTI KWA AJILI YA NANI?

Swali: Je, unafungua akaunti hii kwa faida yako mwenyewe, au kwa niaba ya mtu mwingine?
Jibu: Kwa faida yangu mwenyewe. Mmiliki manufaa ni mimi.

[Mmiliki manufaa ni mtu ambaye mwisho wa yote fedha ni zake au ziko chini ya amri yake, hata kama jina lililo kwenye akaunti ni la mwingine. Mzee Juma aliuliza kama yeye, kwa kuwa ametoa fedha, naye ni mmiliki manufaa. Hapana: ametoa zawadi, hana haki ya kuidai wala kuamua itumikeje. Angekuwa amekopesha, tungelazimika kuandika vingine.]

SEHEMU YA 3: UKAAZI WA KODI

Nchi ambako wewe ni mkaazi kwa madhumuni ya kodi: Tanzania
Nambari ya mlipakodi: imeonyeshwa kwenye cheti, Kiambatisho C
Je, wewe ni raia wa Marekani, au mkaazi wa kodi wa Marekani? Hapana.

[Swali la Marekani huulizwa hata kwa mtu asiyewahi kufika huko. Linatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inayozitaka benki za nje kutoa taarifa za akaunti za walipakodi wake.]

Mwombaji anaahidi kuijulisha benki ukaazi wake wa kodi utakapobadilika.

SEHEMU YA 4: WADHIFA WA KISIASA

Swali: Je, wewe, mwanafamilia wako wa karibu, au mshirika wako wa karibu unayejulikana, mnashika au mmewahi kushika wadhifa mkubwa wa umma? Mifano: mkuu wa nchi au serikali, waziri, mbunge, jaji wa mahakama ya juu, balozi, afisa wa ngazi ya juu jeshini, mkuu wa shirika la umma.

Jibu: Hapana. Hata hivyo naeleza kwamba baba yangu alikuwa diwani kuanzia 2010 hadi 2015. Hajashika wadhifa mwingine wa umma.

[Udiwani haumo kwenye orodha ya fomu, na mwombaji angeweza kuishia kwenye «hapana». Ameamua kuutaja, nami naona amefanya vyema: afisa wa benki akiugundua mwenyewe atauliza kwa nini ulifichwa. «Mshirika wa karibu» hapa ni mtu mnayemiliki naye biashara au mali, si kila jirani na rafiki.]

SEHEMU YA 5: TAMKO LA CHANZO CHA FEDHA

[Asilia inatenganisha mambo mawili ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuyaita yote «chanzo». Moja ni fedha hizi zinazoingia kwenye akaunti: zimetoka wapi, kwa njia gani. La pili ni mali yote ya mtu: ameipataje tangu aanze maisha. Sehemu hii inauliza la kwanza tu. Neno «utakasishaji fedha haramu» nimelichukua kutoka sheria ya Tanzania, Sura ya 423. Nimeepuka «kufua fedha», maana Mzee Juma alicheka alipolisikia.]

Mimi, Rehema Juma Salehe, natamka kwamba kiasi cha euro 11,904 kitakachowekwa kwenye akaunti, ambacho nitakitumia kwa euro 992 kila mwezi kwa miezi 12, kina vyanzo viwili.

Cha kwanza ni akiba yangu, euro 4,600, sawa na shilingi 13,340,000 za Tanzania kwa kiwango cha 2,900 kwa euro moja nilichotozwa siku ya kubadilisha. Kati ya hizo, shilingi 13,320,000 nimeziweka kutoka kwenye mshahara, 370,000 kila mwezi, kuanzia Agosti 2022 hadi Julai 2025. Shilingi 20,000 ni riba. Mshahara wangu baada ya makato ni shilingi 890,000. Taarifa ya akaunti ya miezi 36 na hati za mshahara ni Kiambatisho D.

Cha pili ni zawadi ya baba yangu mzazi, euro 7,304, sawa na shilingi 21,181,600. Fedha hizo zimetokana na kiwanja alichokinunua mwaka 1998 na kukiuza tarehe 6 Juni 2025 kwa shilingi 24,000,000. Mnunuzi alilipa kwa hundi ya benki, si taslimu, na fedha zikaingia kwenye akaunti ya baba tarehe 11 Juni 2025. Tofauti ya shilingi 2,818,400 ililipa kodi na gharama za kuhamisha umiliki, na kilichosalia kimebaki kwake. Mkataba wa mauzo, stakabadhi za kodi na taarifa ya akaunti yake ni Kiambatisho E.

Fedha zote zitatumwa na benki ya Tanzania kwa uhamisho mmoja, kutoka akaunti yenye jina langu. Hakuna sehemu yake iliyotokana na uhalifu, wala haitatumika kwa utakasishaji fedha haramu au kufadhili ugaidi. Naelewa kwamba benki inaweza kuomba nyaraka zaidi, kuchelewesha au kukataa kufungua akaunti, na kwamba itahifadhi taarifa hizi kwa miaka isiyopungua 5 baada ya uhusiano wetu kumalizika.

Saini: Rehema J. Salehe. Tarehe: 18 Agosti 2025.

SEHEMU YA 6: UTHIBITISHO WA MTOA ZAWADI

Mimi, Juma Salehe, nathibitisha kuwa nimempa binti yangu Rehema shilingi 21,181,600 kwa hiari yangu. Si mkopo. Sitamdai, wala warithi wangu hawatamdai. Kiwanja kilikuwa changu peke yangu, na mke wangu ameridhia mauzo yake kwa maandishi. Nimesomewa tafsiri hii yote, nikauliza, nikajibiwa.

Saini: Juma Salehe. Tarehe: 18 Agosti 2025.

UTHIBITISHO WA MFASIRI

Nathibitisha kuwa tafsiri hii ni kamili na inalingana na asilia ya kurasa 6. Mihuri na nembo zilizo kwenye asilia hazikunakiliwa. 

Yusufu H. Kondo, mfasiri. Tarehe: 19 Agosti 2025.