Barua ya Zawadi ya kuacha kazi: rasimu yake na ilivyoandikwa upya

Mdogo wangu Zawadi, hongera kwa kupata nafasi ya chuo. Rasimu yako nimeisoma. Sehemu iliyohitaji mkono ni hii:

«Naandika kwa masikitiko makubwa na pia kwa furaha kwani Mungu amenijalia nafasi ya kusoma. Zamu za usiku zimenichosha, wodi tunabaki wawili na posho zinachelewa, ila sina kinyongo na mtu. Naomba kuacha kazi kuanzia Jumatatu ijayo. Siku zangu 14 za likizo zilizobaki zihesabiwe kama notisi. Kama nimemkosea yeyote anisamehe, na nikimaliza masomo naomba nirudishwe.»

Iandike hivi:

Zawadi Kasanda,
Afisa Muuguzi Msaidizi,
Wodi ya Wazazi,
Tabora.
1 Septemba 2025

Mganga Mfawidhi,
HAPA.

Kupitia kwa: Muuguzi Mfawidhi,
HAPA.

YAH: TAARIFA YA KUACHA KAZI ILI KWENDA MASOMONI

Natoa taarifa ya kuacha kazi katika nafasi yangu ya Afisa Muuguzi Msaidizi. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025. Nimechaguliwa kusoma Shahada ya Uuguzi katika Chuo Kikuu cha Dodoma kwa mwaka wa masomo 2025/2026.

Naushukuru uongozi na wenzangu wa wodi ya wazazi kwa miaka 4 tuliyofanya kazi pamoja. Hapa ndipo nilipozoea kujaza patografu kwa wakati na kumhudumia haraka mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Ujuzi huo naenda nao chuoni.

Kabla ya kuondoka nitakabidhi kwa maandishi funguo za kabati la dawa, vifaa vya chumba cha kujifungulia na rejesta za MTUHA kwa muuguzi atakayeteuliwa, na nitamwelekeza katika zamu zangu zilizobaki.

Naomba stahiki zangu, yakiwamo malipo ya siku 14 za likizo ambazo sijazitumia, pamoja na cheti cha utumishi, viandaliwe kufikia siku hiyo.

Wako mtiifu,
(Saini)
Zawadi Kasanda

Kilichobadilika zaidi ni tarehe. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, na mkataba wako hautaji ndefu zaidi. Ukianza kuhesabu tarehe 2 Septemba, siku ya 28 ni tarehe 29. Tumeweka 30 ili ifunge pamoja na mshahara wa mwezi. Ukiondoka Jumatatu ijayo, mwajiri anaweza kukudai mshahara wa siku za notisi ulizokwepa. Likizo nayo haihesabiwi ndani ya notisi, sheria hiyo hiyo inakataza. Siku zako 14 zinalipwa fedha, ndiyo maana zimehamia kwenye aya ya stahiki.

«Naomba kuacha kazi» nimeiondoa kwa makusudi, kwa sababu ombi husubiri jibu. Ukitoa taarifa, siku zinaanza kuhesabika tangu barua ipokelewe.

Shukrani hukuziweka, na zile za jumla mtu yeyote angeweza kuziandika. Patografu na mama anayetokwa damu ni mambo ambayo Muuguzi Mfawidhi alikusimamia kwa macho yake, naye ndiye huenda akaulizwa habari zako siku ukiomba kazi kwingine. Sentensi mbili za namna hiyo zinatosha, usiongeze ya tatu.

Malalamiko ya posho ni ya haki, na sitaki uyaache. Yapeleke kwa barua nyingine yenye tarehe za zamu zote za usiku ambazo hazijalipwa, kufuatana na rota. Yakikaa humu yanabaki kwenye faili lako kama maneno ya mtu aliyeondoka na hasira, na mhasibu hana cha kuhesabu. Kurudishwa kazini nako kusikae humu. Ukimaliza utaomba upya, ukiwa na shahada mkononi. Ungekuwa mtumishi wa serikali, ningekuambia usiache kazi kabla hujaomba ruhusa ya masomo.

Chapa nakala 2. Mpe kwanza Muuguzi Mfawidhi aandike maoni yake na kusaini, kisha ipeleke masjala. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe 1 Septemba. Wakiigonga tarehe 4, siku 28 zinaisha tarehe 2 Oktoba, kwa hiyo ukiona itachelewa hivyo, badilisha siku ya mwisho kabla hujasaini.