Kuchelewesha, Kuhamisha Masafa na Kubana Muda: Sifa Tatu za Mgeuzo wa Fourier

Muhtasari wa mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi wa mawasiliano, Dodoma

Katika kipindi kilichopita tulikokotoa mgeuzo wa Fourier kwa kutumia intigrali yenyewe, na wengi mlilalamika, kwa haki kabisa, kwamba kila ishara mpya inadai ukurasa mzima wa kazi. Sifa tatu tunazozishughulikia leo zinaondoa sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa sababu ishara nyingi tunazokutana nazo ni ishara ile ile ya zamani iliyocheleweshwa, iliyopandishwa masafa, au iliyobanwa. Tutaendelea kupima masafa kwa hezi, tukitumia herufi f, na fasili yetu inabaki ile ile:

X(f) = ∫ x(t) e^(−j2πft) dt, kutoka −∞ hadi +∞

Ishara ya kufanyia mifano ni pigo la mstatili lenye kimo 1 na upana T, lililokaa katikati ya t = 0. Mgeuzo wake tulishaupata: X(f) = T sinc(fT), ambapo sinc(u) = sin(πu)/(πu) na sinc(0) = 1.

Kuchelewesha ishara

Ishara x(t) ikicheleweshwa kwa sekunde t₀, mgeuzo wake unazidishwa kwa kipeo changamano:

x(t − t₀) ↔ X(f) e^(−j2πft₀)

Uthibitisho ni wa mstari mmoja. Weka u = t − t₀ ndani ya intigrali; e^(−j2πft) inakuwa e^(−j2πfu) · e^(−j2πft₀), na kwa kuwa sehemu ya pili haina u, inatoka nje ya intigrali na kuacha X(f). Ukubwa wa e^(−j2πft₀) ni 1 kwa kila f, kwa hiyo |X(f)| haiguswi hata kidogo. Kinachobadilika ni fezi, nayo inabadilika kwa mstari ulionyooka wenye mwinamo −2πt₀. Hapa ndipo ninapowaona wanafunzi wakichora grafu ya ukubwa peke yake na kuiacha ya fezi, kana kwamba fezi ni pambo. Ukichora ukubwa tu, neno lililotamkwa asubuhi na neno hilo hilo lililotamkwa jioni yatakuwa na mchoro mmoja; habari ya lini jambo limetokea imo ndani ya fezi.

Mfano wa 1. Pigo la upana wa milisekunde 2 linaanza t = 0 na kuisha t = 0.002. Katikati yake ni milisekunde 1, basi t₀ = 0.001, na

X(f) = 0.002 sinc(0.002f) e^(−j0.002πf)

Tuipime kwenye f = 250. Sinc(0.5) ni 2/π, takriban 0.637, kwa hiyo ukubwa ni 0.00127, na fezi ni −0.5π radiani, yaani nyuzi −90. Kwa intigrali ya moja kwa moja tunapata (1 − e^(−jπ))/(j500π) = −j/(250π), ambayo ni −j0.00127. Majibu yanakubaliana.

Mfano wa 2. Mtu anapiga makofi akiwa mita 17 kutoka ukuta mrefu. Sauti inakwenda na kurudi mita 34, na tukichukua kasi ya sauti kuwa mita 340 kwa sekunde, mwangwi unachelewa sekunde 0.1. Tuseme mwangwi una nusu ya kimo cha sauti ya kwanza. Sikio linapokea y(t) = x(t) + 0.5x(t − 0.1), na

Y(f) = X(f) [1 + 0.5e^(−j0.2πf)]

Kwenye hezi 10, 20, 30 na kuendelea, kipeo ni 1 na mabano yanakuwa 1.5. Kwenye hezi 5, 15, 25 na kuendelea, kipeo ni −1 na mabano yanakuwa 0.5. Kucheleweshwa peke yake hakukugusa ukubwa, lakini ishara iliyocheleweshwa ikijumlishwa na mwenzake ambaye hakucheleweshwa, wigo unapata meno kama ya kitana, na umbali kati ya jino na jino ni 1/t₀. Kwa sababu hiyo fundi wa redio mwenye wigo uliopimwa anaweza kusoma umbali wa kizuizi bila kutoka nje na futi kamba.

Wenye kompyuta wanaweza kujihakikishia kwa mistari hii ya Python, wakikumbuka kwamba `np.roll` inazungusha sampuli, yaani zinazotoka mwishoni zinarudi mwanzoni, na kwamba mgeuzo wa sampuli unachukulia hivyo hivyo:

```python
import numpy as np
x = np.zeros(64); x[:8] = 1
y = np.roll(x, 5)
k = np.arange(64)
X = np.fft.fft(x); Y = np.fft.fft(y)
print(np.allclose(Y, X*np.exp(-2j*np.pi*k*5/64)))
```

Jibu litakalotokea ni `True`.

Kuhamisha masafa

Sifa ya pili ni pacha wa ile ya kwanza, ila muda na masafa vimebadilishana nafasi, na alama ya kutoa imegeuka kuwa ya kujumlisha:

x(t) e^(j2πf₀t) ↔ X(f − f₀)

Ukiunganisha vipeo viwili ndani ya intigrali unapata e^(−j2π(f − f₀)t), na hiyo ni fasili ya X ikisomwa kwenye f − f₀. Uthibitisho hauna zaidi ya hapo. Ila mitambo haizalishi kipeo changamano kwenye waya mmoja; inazalisha kosaini, ambayo ni nusu ya jumla ya vipeo viwili vyenye masafa f₀ na −f₀. Kwa hiyo:

x(t) cos(2πf₀t) ↔ ½X(f − f₀) + ½X(f + f₀)

Mfano wa 3. Sauti ya mtu kwenye simu inachukuliwa kuwa kati ya hezi 300 na 3400. Tunaizidisha kwa kosaini ya kilohezi 720. Upande wa masafa chanya, wigo wa sauti unakaa kutoka kilohezi 720.3 hadi 723.4, na kivuli chake kilichogeuzwa, kinachotokana na masafa hasi ya sauti, kinakaa kutoka 716.6 hadi 719.7. Upana wote ni kilohezi 6.8, mara mbili ya hezi 3400. Swali linaloulizwa kila mwaka ni kivuli hicho kimetoka wapi. Kilikuwapo tangu mwanzo: ishara halisi daima ina masafa hasi, na kuyahamisha kunayaleta mahali ambapo hata mtu asiyeyaamini anayaona kwenye kioo cha kifaa.

Kipokezi kinairudisha sauti kwa kuzidisha tena kwa kosaini ile ile. Sifa ikitumika mara ya pili, tunapata ½X(f) kuzunguka sifuri, pamoja na robo mbili, ¼X(f − 2f₀) na ¼X(f + 2f₀), zilizo kwenye kilohezi 1440 na −1440. Chujio linalopitisha masafa ya chini linaziondoa hizo na kuacha nusu ya sauti. Sasa tuseme kosaini ya kipokezi imechelewa kwa fezi θ. Kinachobaki ni ½X(f) cos θ: θ ikiwa nyuzi 60 tunapata robo ya sauti, na ikiwa nyuzi 90 hatusikii kitu, ingawa mnara unarusha na antena inapokea. Kipokezi kikikosea masafa kwa hezi 100 mambo ni mabaya zaidi, kwani nakala mbili za sauti, moja iliyopanda hezi 100 na nyingine iliyoshuka hezi 100, zinalaliana na maneno hayaeleweki. Ndiyo maana redio za AM zinarusha na wimbi lenyewe la kubebea sauti pamoja na sauti, ili kipokezi cha bei nafuu kisihitaji kulikisia.

Kubana na kutanua muda

Kwa namba halisi a isiyo sifuri:

x(at) ↔ (1/|a|) X(f/a)

Weka u = at; dt inakuwa du/a. Ikiwa a ni hasi, mipaka ya intigrali inageuka na kuzaa alama ya kutoa, ambayo inakutana na a hasi na kutupa |a|. Msiisahau alama hiyo ya thamani kamili. A ikiwa −1, tunapata x(−t) ↔ X(−f), na bila |a| jibu lingekuwa na alama isiyo yake.

Mfano wa 4. Pigo letu la milisekunde 2 lina sifuri ya kwanza ya wigo kwenye hezi 500. Tulibane mara nne, x(4t), liwe la milisekunde 0.5. Mgeuzo ni 0.0005 sinc(0.0005f): sifuri ya kwanza imehamia hezi 2000, na kimo kwenye f = 0 kimeshuka hadi robo. Anayetaka kutuma biti mara nne zaidi kwa sekunde kwa mapigo ya umbo hilo hilo anahitaji upana wa masafa mara nne.

Mfano wa 5. Ulimi mmoja wa ilimba ya Kigogo umerekodiwa ukitoa hezi 220. Rekodi ya kanda ikichezwa kwa kasi maradufu, a = 2, sauti inapanda hadi hezi 440 na muda wake unakuwa nusu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliowekwa kwenye 2x haufanyi hivyo, kwa kuwa programu inafupisha muda huku ikilinda masafa. Huo ni uchakataji mwingine, na si x(2t).

Sifa zikikutana

Makosa mengi ya mitihani yanatokea hapa. Tafuta mgeuzo wa x(2t − 6). Andika kwanza x(2(t − 3)): ucheleweshaji ni 3, na jibu ni ½X(f/2) e^(−j6πf). Anayependa kuchelewesha kwanza kwa 6 kisha kubana atafika pale pale, mradi aweke f/2 ndani ya kipeo pia: e^(−j2π(f/2)6) ni e^(−j6πf). Anayeandika e^(−j12πf) amebana ishara na kuusahau ucheleweshaji wake.

Mfano wa 6. Treni ya SGR inakaribia stesheni ya Dodoma kwa mita 10 kwa sekunde, na ikiwa mita 1020 kutoka kwa msikilizaji inaanza kupiga honi ya hezi 330 kwa sekunde 3.4. Sauti iliyotolewa wakati s inasafiri mita 1020 − 10s, hivyo inafika wakati t = s + (1020 − 10s)/340. Tukitafuta s tunapata s = (34/33)(t − 3), na msikilizaji anapokea, tukiacha kando kufifia kwa sauti, y(t) = x(a(t − 3)) yenye a = 34/33. Basi

Y(f) = (33/34) X(33f/34) e^(−j6πf)

Honi inasikika kwenye hezi 340, inadumu sekunde 3.3 badala ya 3.4, na inaanza kusikika sekunde 3 baada ya kupigwa. Mambo mawili ya kwanza yanasomeka kwenye ukubwa, na la tatu kwenye fezi.

Maswali ya kuleta kipindi kijacho

(a) Mgeuzo wa e^(−πt²) ni e^(−πf²). Onyesha kwamba mgeuzo wa e^(−πt²/9) ni 3e^(−9πf²), kisha utafute ule wa e^(−π(t − 2)²/9).

(b) Tafuta mgeuzo wa x(2t − 6) e^(j20πt), na ueleze kwa nini f imebadilika pia ndani ya kipeo cha ucheleweshaji.

(c) Treni ya mfano wa 6 sasa inaondoka kwa kasi ile ile, na inaanza kupiga honi ikiwa mita 1020 kutoka kwa msikilizaji. Tafuta a, masafa yanayosikika, na muda wa honi masikioni mwa aliyebaki stesheni.