Ripoti ya Maabara: Vitamini C katika Juisi ya Chungwa

Juisi, sm³ 20.0 iliyochujwa, ilititreshwa kwa iodini 0.0050 M, kiashiria kikiwa wanga. Bureti ilisoma sm³ 9.55, 9.65 na 8.90. Wastani wa mbili za kwanza, 9.60, unatoa mg 8.4, yaani takriban mg 42 kwa sm³ 100 (moli 1 ya iodini kwa moli 1 ya vitamini, 176 g/mol).

Ile 8.90 sikuihesabu: juisi ilikaa wazi dakika arobaini, hewa ikaoksidisha sehemu ya vitamini na kushusha jibu. Rangi ilipotosha kinyume chake. Bluu-nyeusi juu ya manjano huanza kama kahawia chafu. Nahisi nilipitiliza matone mawili, hivyo jibu limezidi kidogo. Kuizimua juisi kwa maji kungesaidia.