YAH: Mkwaruzo kwenye bampa ya Toyota Axio niliyokodi

Kwa Meneja,

Salamu. Jana jioni gari likiwa limeegeshwa Barabara ya Biashara, liligongwa nami sipo. Bampa ya nyuma, kushoto, ina mkwaruzo wa kama shibiri moja na rangi nyekundu ya gari lililoligusa. Taa na buti ni salama. Aliyegonga hakuacha hata namba ya simu. Mhudumu wa maegesho naye anasema hakuona kitu.

Nimeambatisha picha nne, moja ikionyesha namba ya gari. Zilinganisheni na fomu ya makabidhiano, kwani alama ndogo iliyo kulia ilikuwepo tangu mwanzo. Kama bima inahitaji ripoti ya polisi, nijulisheni leo. Tafadhali msikate dhamana yangu kabla sijaona makadirio ya fundi.

Wenu,
Mteja, gari la kurudishwa Ijumaa